Uso uliobandikwa unaonekana kama stika: kutafuta tatizo kwenye chenga na ukali wa picha

Harusi za mfunguo mosi na mfunguo pili zikishapita, studio zetu huku Unguja na Pemba zinaletewa kazi ya namna moja: picha ya ukoo mzima ukumbini, watu ishirini na kitu, kila mtu kakaa vizuri, ila babu pale katikati kafumba macho na uso kaugeuza upande. Na picha ni hiyohiyo moja, mpigaji hakupiga ya pili. Basi familia inaleta picha nyengine ya babu, wanakwambia mtoe uso huku mtie kule.

Kukata na kubandika hapana shida, rangi nayo unaihangaikia mpaka inakaa. Lakini mtu akiitazama tu anasema mbona babu kama kabandikwa, na hawezi kukwambia kwa nini. Hapo wengi wanarudi kwenye rangi, wanaongeza wekundu, wanapunguza manjano, saa zima linapita na uso bado umebandikwa vilevile. Mara nyingi si rangi. Ni chenga, na ni ukali. Chenga ndo zile punje punje picha inazofanya ikipigwa gizani, na ukali ni ule ushapu wa mipaka, kope, ndevu, ukingo wa kofia. Jicho la mtu halijui kuzitaja lakini linaziona.

Ntachukua kazi moja tuifate mwanzo mpaka mwisho. Picha ya ukumbini imepigwa usiku kwa kamera ya maana, ISO 6400, f/4, 1/60, taa za ukumbi za manjano, picha ina piseli 6000 kwa 4000 na uso wa babu kutoka sikio hadi sikio una upana wa piseli 310. Uso mpya umetoka kwenye simu ya mjukuu, babu kakaa barazani wakati wa alasiri, kivuli kizuri, mwanga wa kutosha, na uso una upana wa piseli 740. Natumia majina ya Photoshop, kwenye Photopea mengi ni hayohayo, na GIMP ntaitaja pale inapotofautiana.

Kabla hujagusa kitu

Tazama picha kwa asilimia 100, yaani `Ctrl+1`, usiangalie ikiwa imejaa skrini. Ikiwa imejaa skrini programu inaipunguza ili itoshee, na ikipunguza inachanganya piseli, chenga zinapotea na ukali unadanganya. Utasema pamoja na wengine "iko sawa" halafu mteja anazumu kwenye simu yake anaona kila kitu.

La pili ni nani unamlinganisha naye. Usilinganishe uso wa babu na ukuta, wala na bi harusi ikiwa bi harusi yuko mbele na babu yuko nyuma. Mlinganishe na jirani yake aliyekaa safu moja naye, mwanga uleule, na rangi ya ngozi inayokaribiana. Kwa f/4 safu ya mbele na safu ya tatu haziko kwenye fokasi moja, kwaiyo vijana waliosimama nyuma watakupotosha. Kwenye kazi yetu jirani ni mzee aliyekaa kulia kwa babu, naye kavaa kofia nyeupe pia, ametusaidia sana.

Na la tatu, utaratibu. Saizi kwanza, ukali wa pili, mwanga na rangi wa tatu, chenga mwisho kabisa. Sababu ni kwamba kila hatua inaharibu chenga za hatua iliyopita: ukipunguza saizi zinapungua, ukiblari zinafutika, ukipandisha mwanga kwa `Curves` zinapanda nazo. Mtu aliyetia chenga mwanzo anajikuta anatia mara tatu.

Dalili: uso ni mkali kuliko wa jirani, kope zinahesabika

Hii ndo ya kawaida ukichukua uso wa mchana kuutia usiku. Usikimbilie `Gaussian Blur` bado, kwanza jua ukali huo umetoka wapi kwa sababu ziko aina mbili na dawa zao si moja.

Aina ya kwanza ni ukali wa haki, yaani picha ya simu ilikuwa na mwanga mzuri na babu hakutikisika. Hapa ublari mdogo unatosha. Igeuze leya ya uso kuwa `Smart Object` kabla ya kuipunguza, halafu saizi na kuzungusha na kupinda ufanye kwa `Free Transform` moja, kwani kila ukibofya kukubali na kuanza tena kwenye leya ya kawaida piseli zinachanganywa upya na uso unalainika bila mpango. Kutoka 740 kwenda 310 ni kama asilimia 42. Ikishakaa, zumu 800 kwenye mpaka wa kofia na paji la uso la jirani, uhesabu piseli ngapi zinapita kutoka weupe wa kofia mpaka kahawia ya ngozi. Jirani yetu zilikuwa piseli 4 hivi. Nenda mpaka unaofanana kwenye uso mpya, kope au ukingo wa ndevu nyeupe, hapo zilikuwa 2. Tia `Gaussian Blur` 0.5, hesabu, ongeza kidogo, hesabu. Kwenye kazi hii ilikaa 0.9. Vile ni `Smart Object`, blari inakaa chini ya leya na unaweza kuifungua kuibadilisha hata kesho.

Angalia na upande wa ublari. Kwa 1/60 mtu akigeuza kichwa kidogo tu anaacha mburuzo. Ukiona mipaka ya wima ya jirani imelainika lakini mipaka ya mlalo mikali, basi huo si ublari wa fokasi, katikisika, na `Gaussian Blur` haitafanana naye hata ufanyeje. Hapo tumia `Motion Blur` ya piseli 2 au 3 kwa pembe ileile. Lakini tazama majirani wawili watatu kwanza, ikiwa ni mmoja tu ndo katikisika basi wewe babu wako mwache katulia.

Aina ya pili ni ukali wa uongo, ule simu inaoutia wenyewe. Utaujua kwa mstari mweupe mwembamba unaofata nje ya ukingo wa kitu cheusi, na mstari mweusi ndani yake, kama mtu kachora kwa kalamu pembezoni mwa kofia na masikio. Huu ukiublari hauondoki, unapanuka na kuwa ukungu. Kupunguza saizi kunasaidia kwa sababu mstari nao unapungua, kwa asilimia 42 mstari wa piseli 3 unabaki kama piseli moja na kidogo. Ukibaki, chukua `Clone Stamp` brashi laini, `Mode` iwe `Darken` kwa mstari mweupe na `Lighten` kwa mweusi, `Opacity` kama 30, upitie taratibu ukichota pembeni palepale.

Lakini mie nashauri jambo jengine kabla ya hilo: chukua kidogo. Kofia ya babu ya ukumbini iko sawa, masikio yake yako sawa, kanzu iko sawa. Kwa nini ulete kofia ya barazani na mistari yake? Chukua kuanzia juu ya nyusi mpaka ndevu tu, ukingo wa kofia uwe uleule wa asili. Kadiri unavoleta piseli chache ngeni ndivyo jicho linavokosa pa kushika. Na kama uso ungekuwa haukugeuka, macho tu yalikuwa yanatosha kabisa.

Dalili: uso ni laini, kama umepakwa mafuta

Kinyume chake, na huku dawa ni ngumu zaidi. Ublari unaweza kuutia, ukali uliokuwa haumo huwezi kuutoa popote. Sababu ni tatu.

Moja, uso wa chanzo ni mdogo kuliko pahala unapokwenda. Uso wa piseli 150 ukiuvuta ufike 310 unapata uso wa piseli 150 ulionyooshwa. `Unsharp Mask` itakupa mistari ileile ya uongo tuliyoisema. Ikiwa umevutwa kidogo, tuseme asilimia 115 au 120, hasa ukizingatia kuwa jirani naye si mkali sana, unaweza kupita. Ikizidi hapo irudishie familia uwaombe picha nyengine, na useme wazi kwa nini.

Mbili, picha imekuja kwa WhatsApp. Ikitumwa kama picha ya kawaida inapunguzwa saizi na kubanwa, na JPEG inabana kwa visanduku vya piseli 8 kwa 8. Zumu 400 kwenye shavu utaviona, ngozi imekuwa vigae. Ukivuta saizi visanduku vinavutika navyo, na ukiongeza chenga juu yake vinaonekana chini yake kama tarazo chini ya mchanga. Hapa hapana haja ya kuhangaika na filta, mwambie mjukuu aitume tena kama dokyumenti, faili linakuja lilivyo. Nusu ya kesi za uso laini zinaishia hapo.

Tatu, simu imelainisha ngozi yenyewe, ile hali ya urembo ya kamera ya mbele. Utaijua kwa sababu kope na nyusi ni kali lakini shavu halina kitundu hata kimoja. Ikiwa ndo picha pekee, usijaribu kuublari wala kuukaza, acha vile, chenga za hatua inayofuata zitaficha sehemu kubwa kwani ngozi ya jirani kwenye ISO 6400 nayo haioneshi vitundu, inaonesha chenga.

Dalili: ukali umekaa, mwanga umekaa, lakini uso ni msafi mno

Hapa ndo penye kazi yenyewe, na hapa ndo watu wanapokisia. Kukisia hapana haja, chenga zinapimika.

Fungua `Window > Histogram`, kwenye menyu yake ndogo chagua `Expanded View`, `Channel` iwe `Luminosity` na `Source` iwe `Entire Image`. Chukua `Rectangular Marquee` uchague kisanduku kidogo, kama piseli 20 kwa 20, kwenye paji la uso la jirani, pahala ambapo mwanga ni sare hapana mkunjo wala kivuli. Bofya alama ya onyo ikitokea ili isome upya. Soma `Std Dev`, hiyo ni namba inayokwambia piseli zinatawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani wao. Kisanduku kikigusa kivuli namba inaruka juu na inakudanganya, ndo maana nasema kidogo na sare.

Jirani yetu paji la uso lilisoma 6.5. Babu mpya akasoma 1.4. Tazama na pahala pengine pia: kivuli cha chini ya shavu la jirani kilisoma 7.2, kanzu nyeupe ikasoma 3. Yaani chenga hazikutawanyika sawasawa, gizani ziko nyingi na kwenye weupe ziko chache. Hii ni muhimu na ntairudia.

Sasa tengeneza leya mpya juu ya uso, `Shift+F5`, chagua `50% Gray`. Igeuze `Smart Object`. Halafu `Filter > Noise > Add Noise`, `Gaussian`, tiki `Monochromatic`, anza na 10%. Ukipitia maelekezo mengi utaambiwa leya hii uiweke `Overlay`. Kwa uso mweupe uliomulikwa vizuri inafaa. Kwa nyuso zetu, na picha ya usiku, inakuacha njiani, kwa sababu `Overlay` inapunguza nguvu kadiri rangi ya chini inavyokuwa nyeusi. Pahala penye thamani ya 60 chenga zinaingia chini ya nusu ya zile za pahala penye 128. Kwaiyo paji la uso linakaa vizuri, halafu upande wa kivuli, ambao ndo ulitakiwa uwe na chenga nyingi zaidi, unabaki msafi kabisa. Ukiona babu yako ana nusu uso wa chenga na nusu uso wa plastiki, sababu ndo hiyo.

Tumia `Linear Light`. Hii inatia chenga sawa gizani na mwangani, na inatia kwa nguvu mara mbili kwaiyo `Opacity` iteremshe kama 50. Kisha kwenye sehemu nyeupe, ndevu za babu kwa mfano, zipunguze kwa kupaka maski ya leya kijivu. Sasa rudi kisanduku chako kwenye paji la uso la babu, usome `Std Dev`, fungua `Add Noise` upandishe au uteremshe mpaka isome kama 6.5. Halafu kivuli kiangalie kiko karibu na 7. Isipofika, tia leya ya pili kama ile kwa kivuli tu.

Kwenye GIMP histogramu inasoma leya uliyoichagua peke yake na si picha nzima, kwaiyo kabla ya kupima fanya `Layer > New from Visible`, upime hiyo, kisha uifute. Chenga ziko `Filters > Noise > RGB Noise`, na ukitaka za rangi moja toa tiki ya `Independent RGB`.

Namba imekaa lakini jicho bado linakataa? Basi ni saizi ya punje. `Add Noise` inatia punje ya piseli moja moja, kavu, kali. Kamera haifanyi vile, kwani rangi ya kila piseli inajengwa kwa kuchungulia majirani zake, na juu yake kamera inapitisha usafishaji wake wa chenga, kwaiyo punje inatoka imetanuka piseli 2 au 3. Zumu 400 kwa jirani utaona madoa madoa, si vumbi. Ongeza `Gaussian Blur` ya 0.6 kwenye leya ya chenga yenyewe, siyo kwenye uso. Blari itashusha `Std Dev`, kwaiyo pandisha `Add Noise` tena mpaka namba irudi. Utapanda sana kuliko ulivyotarajia, usiogope.

Iko na rangi. Chini ya taa za manjano buluu ni chache, na kamera ikisawazisha rangi inaikuza hiyo buluu kwa nguvu pamoja na chenga zake. Bofya `Ctrl+5` utazame chaneli ya buluu peke yake: jirani utamuona kama katiwa pilipili, babu wa barazani yuko safi. Rudi `Ctrl+2`. Tia leya nyengine ya kijivu yenye chenga, `Linear Light`, uibofye mara mbili pembeni mwa jina lake kufungua `Blending Options`, na pale kwenye `Channels` toa tiki za `R` na `G` ibaki `B`. Blari yake iwe kubwa kidogo, 1.5 au 2, kwa sababu madoa ya rangi huwa mapana kuliko chenga za mwanga. Angalizo moja: usiiweke leya hii `Color` ukidhani ndo pahala pake, ile kijivu itakula rangi ya ngozi yote, babu atakuwa kama maiti.

Dalili: uso sawa, shingo sawa, ila kuna utepe laini unaozunguka

Hii inawasumbua hata wanaojua kazi, kwa sababu kila wakipima uso namba iko sawa na wakipima shingo namba iko sawa. Tatizo liko katikati, pale maski ilipolainishwa.

Kwenye mshono wenye maski ya nusu kwa nusu, unachanganya nusu ya chenga za uso na nusu ya chenga za picha ya chini, na chenga hizo hazijuani. Moja ikipanda nyengine inateremka, zinakulana. Hazijumlishwi kama pesa, zinajumlishwa hivi:

```
sqrt((0.5*6.5)^2 + (0.5*6.5)^2) = 4.6
```

Yaani pembeni pote pana 6.5 na kwenye mshono pana 4.6, na ikiwa umelainisha maski kwa piseli 15 basi una utepe wa piseli 15 uliosafishwa, unazunguka taya nzima. Jicho linaufata kama njia.

Inatokea hasa ukiibana leya ya chenga kwenye leya ya uso kwa `Ctrl+Alt+G`, kwani maski ya uso inazikata na chenga pia. Zifungue zisibanwe, ziwe leya huru juu, zipe nakala ya maski ya uso, kwa kushika `Alt` ukiiburuta maski. Halafu simama kwenye hiyo nakala, fungua `Curves`, uikamate katikati kwenye 128 uipandishe mpaka 224 hivi. Maana yake pale uso unapokuwa nusu, chenga zako zinakuwa karibu asilimia 88, na hiyo inatosha kujaza kilichopungua bila kuzidisha. Chukua kisanduku chembamba ukiweke juu ya mshono upime, usogeze ile nukta ya `Curves` mpaka isome 6.5 kama pembeni.

Na maski isilainishwe sawa pote. Pale ngozi inapokutana na ngozi, shavuni na shingoni, lainisha upendavyo. Pale uso unapokutana na ukingo wa kofia acha piseli 1 au 2, mpaka halisi hauna haja ya kulainishwa na ukilainisha unaharibu ule ukali uliouhesabu mwanzo.

Brashi za kurekebisha nazo zinaacha madoa safi ya namna hii. Ukipita na brashi ya `Mixer` au `Smudge` juu ya mshono kulainisha rangi, umefuta chenga. Fanya hayo chini ya leya ya chenga, siyo juu yake.

Dalili: studio ilikuwa sawa, imetumwa uso umekuwa msafi tena

Umepima, umelinganisha, kwa asilimia 100 hapana anayejua. Umetoa picha ya nchi 8 kwa 10, au familia wameirusha kwenye grupu, na babu karudi kuwa stika. Hapana kilichoharibika, ni ile saizi ya punje iliyorukwa.

Picha ya piseli 6000 ikichapwa upana wa nchi 10, piseli 300 kila nchi, inakuwa piseli 3000, yaani nusu. Ikipunguzwa, punje ndogo zinayeyuka zaidi na punje pana zinabaki. Kwaiyo mtu aliyetia punje ya piseli moja yenye `Std Dev` ya 6.5 na jirani mwenye punje ya piseli 3 yenye 6.5 ileile, walikuwa sawa kwenye saizi kamili tu. Kubana kwa JPEG nako kunaanza kula vitu vidogo vidogo kwanza, kwaiyo WhatsApp inamaliza kilichobaki.

Jaribio lake ni jepesi na mie silirukii kazi yoyote: `Image > Duplicate`, tiki ya kuunganisha leya, `Image Size` asilimia 50, upime paji la uso la wote wawili tena. Kwenye kazi hii jirani alisoma 4.1 na babu 2.9. Punje ya babu ilikuwa ndogo. Nikarudi kwenye leya ya chenga, blari kutoka 0.6 kwenda 0.9, nikapandisha `Add Noise` mpaka saizi kamili ikasoma 6.5 tena, nikapima ile nusu, ikaja 3.9. Hiyo inatosha, tofauti ya 0.2 hata anayezumu haioni.

Kama familia wanataka ya kuchapwa na ya kurusha, usitengeneze mbili. Tengeneza moja kwa saizi kamili ipite jaribio la nusu, kisha ile ya simu uipunguze mwenyewe mpaka piseli 2000 hivi za upana, uitume kama dokyumenti.